Siku 131 za Bobi

Hotuba ya daktari wa mifugo kwa watu wanaofuga mbwa, Lubumbashi

Mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni na mbwa wenu, jambo kwenu nyote. Nimeombwa niseme juu ya kusafiri na mbwa. Mambo ni mengi, nami sitayagusa yote. Nitawasimulia mbwa mmoja tu, kwa sababu ndani ya safari yake mna karibu kila swali mnaloniletea pale ninapotibia: makaratasi, sanduku, na kutapika garini.

Mbwa huyo anaitwa Bobi. Ni dume wa kwetu, rangi ya udongo, masikio yamesimama, kilo 17. Alikuwa anaishi Katuba na mama mmoja ambaye watoto wake wako Ubelgiji. Mwishoni mwa Januari mama alikuja kwangu na kitabu cha chanjo mkononi, akaniambia, "Dokta, tarehe 15 ya mwezi wa pili tunapanda ndege, mimi na Bobi. Niandikie tu cheti." Nikafungua kitabu. Bobi alichanjwa kichaa cha mbwa mwezi wa Oktoba, muhuri upo, sahihi ipo. Nikachukua mashine ya kusomea chipu, nikaipitisha shingoni, mabegani, hadi kwenye mbavu. Mashine ikanyamaza. Bobi hakuwa na chipu.

Ilinibidi nimwambie mama kwamba hatapanda ndege na Bobi mwezi wa pili, wala wa tatu, wala wa nne. Alilia. Nataka niwaeleze kwa nini, kwa sababu mtu akiijua sababu hasahau mpangilio.

Umoja wa Ulaya una orodha ya nchi ambazo mbwa wake huingia kwa masharti mepesi. Kongo yetu haimo katika orodha hiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Basi mbwa anayetoka hapa lazima athibitishe mambo matatu, na kila moja linaegemea lililotangulia. Kwanza, huyu ni nani. Pili, amechanjwa na chanjo imeshika. Tatu, hakuwa tayari amebeba ugonjwa siku alipochanjwa.

La kwanza ni chipu. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele, kinachoingizwa chini ya ngozi kwa sindano nene, na ndani yake mna namba ya tarakimu 15. Lazima iwe ya aina inayosomwa na mashine za Ulaya, yaani ya viwango vya ISO 11784 na 11785. Chipu hutangulia chanjo, au huwekwa siku ileile kabla ya sindano ya chanjo. Chanjo iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiwi, hata kama mbwa ana kinga ya kutosha mwilini, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa siku ile ndiye huyu aliyesimama mbele yake leo. Ile chanjo ya Bobi ya Oktoba ilimkinga vizuri na kichaa, lakini kwa safari ilikuwa bure.

Jambo hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nililikosea mimi mwenyewe miaka ya nyuma. Chipu zilikuwa zimeniishia, mwenye mbwa alikuwa na haraka, nikachoma chanjo na kumwambia arudi kesho kutwa kwa chipu. Tofauti ya siku mbili tu. Yule mbwa alizuiliwa uwanjani, sanduku limeshafungwa, mwenyewe ana tiketi mkononi. Tangu siku hiyo sifungui hata chupa ya chanjo kabla sijaisikia mashine ikilia na kuisoma namba kwa macho yangu. Naisoma mara mbili: chipu ikiwa bado ndani ya sindano, na tena ikiwa ndani ya mbwa. Namba nanakili kutoka kwenye mashine, siandiki kwa kukumbuka.

Tarehe 3 Februari tukamwekea Bobi chipu, kisha chanjo. Hapo hesabu ikaanza upya.

La pili ni damu. Mwili unahitaji muda kutengeneza kinga, kwa hiyo damu ya kupima haichukuliwi kabla ya siku 30 kupita tangu chanjo. Bobi tulimtoa damu tarehe 6 Machi, siku ya 31. Sikutaka kubishana na mtu yeyote juu ya siku moja. Haipelekwi damu nzima, hupelekwa seramu, ile sehemu ya maji ya manjano inayobaki juu damu ikishaganda na kuzungushwa kwenye mashine. Ukiivuta damu kwa pupa, au ukiitikisa chupa, au ukiiacha kwenye joto, chembe nyekundu hupasuka na seramu hugeuka nyekundu, na maabara inaweza kuikataa. Umeme wetu mnaujua. Seramu ya Bobi ililala ndani ya kisanduku cha barafu, si ndani ya friji ninayoitegemea kwa kuomba Mungu. Juu ya chupa tuliandika namba ya chipu, tarakimu zote 15.

Maabara lazima iwe imeidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Ya Bobi tuliituma Onderstepoort, Afrika Kusini. Kabla hujatuma, itazame orodha ya maabara, kwa sababu hubadilika. Jibu linalotakiwa ni kinga isiyopungua yuniti 0.5 za kimataifa kwa kila mililita. Bobi aliipita vizuri.

Sasa la tatu, na hili ndilo watu wananigombeza nalo. Jibu la maabara limerudi, ni zuri, kwa nini tusiondoke? Kwa sababu damu inaonyesha kwamba chanjo imeshika, lakini haionyeshi kama mbwa aliumwa na mbwa mwenye kichaa wiki moja kabla ya kuchanjwa. Kirusi cha kichaa hutembea polepole kwenye mishipa ya fahamu kutoka kwenye jeraha hadi kwenye ubongo, na safari hiyo huchukua majuma, mara nyingine miezi. Mbwa wa namna hiyo anaweza kuonekana mzima, anakula, anacheza. Ndiyo maana wakaweka miezi mitatu ya kungoja, inayohesabiwa kuanzia siku damu ilipotolewa, si siku jibu liliporudi. Kwa Bobi ilikuwa hadi tarehe 6 Juni.

Mkiendelea kumchanja mbwa wenu kila mara kabla ya tarehe ya kitabu kuisha, kipimo hicho cha damu hakirudiwi tena maisha yake yote. Mkichelewa siku moja, mnarudi mwanzo, chanjo ya kwanza, damu, miezi mitatu. Tarehe hiyo iandikeni ukutani.

Cheti chenyewe cha afya ndicho kinachokuja mwisho kabisa. Hutiwa sahihi na daktari wa serikali, au daktari mwingine kisha serikali ikagonga muhuri, ndani ya siku 10 kabla ya kuingia Ulaya. Huandikwa kwa Kiingereza na kwa lugha ya nchi unayoingilia. Kwa Ubelgiji Kifaransa kinakubalika, na hilo kwetu ni jepesi. Mwenye mbwa asafiri ndani ya siku 5 kabla au baada ya mbwa wake, la sivyo mbwa anahesabiwa kuwa bidhaa, na masharti yanabadilika. Wanaokwenda Finlandi, Ailandi, Malta au Norwei waongeze dawa ya minyoo tegu, nayo itolewe na daktari kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia. Wanaopita Kasumbalesa kwa gari kwenda Zambia, kibali cha kuingiza mnyama ombeni huko Zambia kabla ya kuondoka hapa. Msikifuate mpakani, katikati ya foleni ya malori, mbwa anahema kwenye kiti cha nyuma.

Kwa hiyo mama wa Bobi alipewa miezi minne asiyoitaka. Nikamwambia, mama, miezi hii ni ya Bobi. Tutaitumia.

Tuanze na sanduku. Mdogo wake mama alikuwa ameshamwendea seremala wa mtaani, na sanduku lilikuwa tayari, zuri, limepigwa rangi. Bobi akaingizwa, akasimama, masikio yakakunjwa na dari. Seremala alikuwa amepima hadi mgongoni. Mbwa hupimwa akiwa amesimama kama kawaida yake, kutoka chini hadi ncha ya sikio au juu ya kichwa, popote palipo juu zaidi. Bobi alikuwa na sentimita 60 hapo. Kutoka pua hadi shina la mkia, sentimita 68. Kutoka chini hadi kwenye kiwiko cha mguu wa mbele, 27. Upana wa mabega, 20.

Hesabu inayofuatwa na mashirika ya ndege ni hii. Urefu wa sanduku ni ule wa pua hadi mkia ukiongeza nusu ya kiwiko, yaani 68 na 13 na nusu, tukaandika 82. Upana ni mabega mara mbili, 40, ili aweze kugeuka. Kimo ni 60 na unene wa matandiko, tukaandika 64. Vipimo hivi ni vya ndani, mbao hazimo. Mbwa wa pua bapa huongezewa sehemu ya kumi kila upande, na mashirika mengi hayawachukui kabisa mbwa hao chini ya ndege, kwa sababu koo lao jembamba haliwezi kupoza mwili wakianza kuhema. Mwenye mbwa wa namna hiyo aulize hilo kabla hajanunua chochote.

Sanduku la pili lilitengenezwa kwa plaiwudi. Nilikaa na fundi siku nzima, kijana msikivu sana. Matundu ya hewa pande zote nne, si mlangoni tu. Madogo kiasi kwamba pua na kucha za mbwa hazitoki. Nje ya kila upande tukapigilia papi nene ya sentimita 2, ili mizigo mingine ikisogezwa karibu isiyazibe matundu. Mlango wa wavu wa chuma uliochomelewa, komeo linalofungwa kwa nje na lisilofunguka sanduku likigongwa. Nikapitisha kiganja changu ndani yote kutafuta ncha za misumari, nikaipata moja, kwenye kona ya chini, mahali ambapo mbwa angeweka bega akilala. Bakuli mbili zikafungwa mlangoni kwa ndani, zinazoweza kujazwa maji kwa nje bila kufungua. Kisha tukalipiga picha na kulituma kwa shirika la ndege pamoja na vipimo, kwa sababu sanduku la mbao huruhusiwa katika kanuni lakini kila shirika lina maamuzi yake, na ndege ndogo zina mlango mfupi wa mizigo.

Hapa watu wengi hukosea. Sanduku likishakamilika hulifungia stoo, wakalitoa siku ya safari, wakamsukuma mbwa ndani. Kwa mbwa hiyo ni sawa na kukamatwa. Atapiga mlango kwa meno, atavunja kucha, na mapigo ya moyo yatapanda hata kabla gari halijatoka.

Sanduku la Bobi liliwekwa sebuleni bila mlango. Fundi alikuwa ametumia skrubu kwa paa, basi paa nalo tukalitoa, likabaki kama kitanda chenye kuta. Ndani tukatandika kitenge cha zamani cha mama, hakijafuliwa, kina harufu yake. Kwa wiki nzima hakuna aliyemwita Bobi humo. Mama alikuwa anapita tu na kuangusha kapenta kavu mbili tatu ndani, anaendelea na kazi zake. Siku ya pili Bobi alinyoosha shingo na kuchukua ile iliyo karibu, miguu ya nyuma imebaki nje, tayari kukimbia. Siku ya nne aliingia mzima. Siku ya sita mama alimkuta amelala humo mchana, kidevu juu ya ukuta.

Wiki ya pili paa likarudi, na chakula chake cha jioni kikawa kinaliwa humo. Wiki ya tatu mlango ukafungwa akiwa anakula, ukafunguliwa kabla hajamaliza. Sheria ni moja: mlango ufunguliwe mbwa akiwa bado ametulia. Ukingoja alie ndipo umfungulie, umemfundisha kwamba kilio ndicho ufunguo. Akilia, ngoja anyamaze hata kwa pumzi mbili, fungua, na kesho punguza muda. Mama alikwenda hivyo, nusu dakika, dakika mbili, kumi, nusu saa akiwa jikoni mahali ambapo Bobi anamsikia. Kuna siku alirukia saa nzima akaenda sokoni, akarudi akakuta mate yamelowesha kitenge na mlango umekwaruzwa. Tukarudi kwenye dakika tano na kupanda tena. Tulipoteza siku tisa kwa siku hiyo moja.

Mpaka mwisho wa Aprili Bobi alikuwa analala humo usiku kucha, mlango umefungwa. Ndipo tukaleta mambo mengine ambayo atakutana nayo. Vijana wawili waliliinua sanduku na kulishusha, naye yumo. Kisha likapandishwa juu ya pusupusu na kusukumwa katika lupango, kwanza hatua kumi, baadaye hadi barabarani na kurudi. Jenereta ya jirani ikiwashwa, sanduku lilikuwa linasogezwa karibu nayo kidogo kidogo, kwa siku nyingi. Nilikuwa namtazama Bobi usoni. Mbwa anayeanza kuelemewa hupiga miayo bila usingizi, hulamba midomo bila chakula, na weupe wa macho huonekana pembeni. Nikiona hayo, pusupusu inasimama.

Sasa kutapika. Noeli iliyopita Bobi alikuwa amepelekwa Likasi kwa gari, kama kilomita 120, na alitapika mara nne kabla ya kufika. Mama aliogopa sana safari ya kwenda uwanja wa ndege wa Luano kwa sababu hiyo, na mashangazi walikuwa wameshampa shauri: kidonge cha usingizi.

Nikamwomba kaka yake alete gari, azime injini, afungue mlango, asimwite mbwa. Bobi alitembea hadi kama mita tatu akasimama. Akaanza kumeza mate, kisha kulamba midomo, kisha uzi wa mate ukashuka kutoka pembe ya mdomo hadi vumbini. Gari halijasogea hata kidogo.

Wandugu, kuna magonjwa mawili yanayofanana hapa, na dawa zake ni tofauti. La kwanza linatoka sikioni. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo cha kupimia mwendo na usawa. Gari likiyumba, sikio linasema tunakwenda, macho yaliyo ndani ya gari yanasema tumekaa, na ubongo unapovurugika tumbo linapinduka. Watoto wa mbwa huumwa zaidi kwa sababu kiungo hicho hakijakomaa, na wengi huacha wenyewe wakikua. Mbwa wa namna hii huingia garini kwa furaha, na huanza kumeza mate baada ya dakika kumi na tano, ishirini, barabara ikiwa na kona au dodani nyingi. La pili ni kumbukumbu. Mbwa aliyetapika mara nyingi hujifunza kwamba gari ni kichefuchefu, na mwili unaanza kuumwa kwa kuliona tu, au kwa kuisikia harufu yake. Bobi alianza na la kwanza, sasa alikuwa na yote mawili.

Kwa sikio kuna dawa nzuri inayoitwa maropitanti. Inazuia ile amri ya kutapika ndani ya ubongo, na haimlazi mbwa usingizi. Hutolewa angalau saa mbili kabla ya kuondoka, na kipande kidogo cha chakula, kwa sababu kwenye tumbo tupu kabisa yenyewe inaweza kutapisha. Kwa safari kipimo chake ni miligramu 8 kwa kila kilo ya mbwa, yaani mara nne ya kile tunachotumia kwa kutapika kwa kawaida, na haipitishi siku mbili mfululizo. Kwa hiyo mbwa apimwe kwenye mizani, na dawa itoke kwa daktari. Msigawe vidonge kwa macho.

Lakini dawa hiyo haifuti kumbukumbu. Tulimpa Bobi chakula kando ya gari lililozimwa, kila siku hatua moja karibu zaidi. Kisha ndani ya gari, injini imezimwa. Kisha sanduku lake alilokwisha lizoea likaingizwa garini, limeelekezwa mbele, limefungwa kwa mikanda lisiteleze. Injini ikawashwa na kuzimwa. Gari likatoka hadi getini likarudi. Siku ya safari ya kwanza ya kweli, kama kilomita 10 hadi kwenye lami na kurudi, ndipo nilipompa maropitanti, na tena safari mbili zilizofuata. Nilitaka akusanye safari kadhaa ambazo hazikuishia kwa kutapika. Safari ya nne hakupewa kitu. Alimeza mate mara moja kwenye dodani, akalaza kichwa.

Sanduku lenyewe lilisaidia. Ndani yake mbwa haoni miti inayokimbia dirishani, na mwili wake hauyumbi kwenye kiti. Bukari nzito asubuhi ya safari hapana. Chakula kamili kiwe cha jioni iliyotangulia, maji yawepo hadi mwisho, dirisha lifunguliwe kidogo, na katika safari ndefu msimame kila baada ya saa mbili atembee akiwa na kamba. Na msimfunge mbwa nyuma ya pikapu juani. Oktoba hapa kwetu bati lile huunguza nyayo.

Kuhusu kidonge cha usingizi, nawaomba kwa moyo wangu wote msikitoe kwa mbwa anayepanda ndege. Dawa kama asepromazini hushusha msukumo wa damu, huharibu uwezo wa mwili kupanga joto lake, na humnyima mbwa nguvu ya kujishikilia sanduku likiinama. Anaonekana mtulivu kwa sababu misuli imelegea. Chini ya ndege hakuna mtu wa kuona kwamba amezidiwa. Mashirika mengi humkataa mbwa aliyelewa dawa hata akiwa na karatasi zote, na wanafanya vizuri.

Tarehe 9 Juni cheti kikatiwa sahihi na muhuri. Tarehe 13 jioni Bobi alikula, na mama akaweka bakuli moja ya maji kwenye friza. Maji yaliyoganda hayamwagiki sanduku linapobebwa, na huyeyuka polepole mbwa akiwa ameshatulia. Tarehe 14 alfajiri ilikuwa baridi ya kiangazi, pumzi inaonekana. Bobi alitembezwa hadi akajisaidia vizuri. Ndani ya sanduku tulitandika kitambaa kinachonyonya mkojo na juu yake kile kitenge. Nyasi na majani makavu msitumie, nchi nyingi haziruhusu viingie. Juu ya sanduku kulikuwa na lebo ya mnyama hai, mishale ya upande wa juu, jina la Bobi, simu ya mama, na nakala za karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Karatasi zenyewe zilikuwa mkobani mwa mama. Asili haisafiri na mzigo.

Luano walimtoa Bobi nje ili sanduku lipekuliwe. Niliogopa hapo, watu wengi, mizigo inaburutwa. Walipomaliza, kijana wa mizigo akaniuliza kama anisaidie kumrudisha. Kabla sijajibu Bobi alikuwa ameingia mwenyewe, amezunguka mara moja juu ya kitenge na kulala akitazama mlango.

Njia ilikuwa Adis Ababa, kisha Brusel, karibu saa ishirini zote pamoja na kungoja. Asubuhi ya tarehe 15 mama alinipigia simu akiwa bado ndani ya uwanja wa Zaventem. Aliniambia kwamba mtu wa ukaguzi alipitisha mashine mabegani mwa Bobi, akaisoma namba kwa sauti, mama akifuata kwa kidole kwenye cheti, tarakimu kwa tarakimu hadi ya 15. Kisha akatazama tarehe ya chipu, tarehe ya chanjo, tarehe ya damu, kwa mpangilio huo huo niliowaeleza. Kitambaa kilikuwa kimelowa kona moja. Bakuli ya barafu ilikuwa tupu. Nyuma ya sauti ya mama nilikuwa nasikia kitu kinagonga mbao, taratibu, nikamuuliza ni nini.

Akasema, "Ni mkia, dokta."